Kamanda wa Mahindi

Sumbawanga kila kifupisho kina mwenyewe. RC ni mkuu wa mkoa, DC ni mkuu wa wilaya, na RAS ni katibu tawala wa mkoa, mtu ambaye akitajwa ofisini hata aliyelala hukaa wima. Sasa pokea barua pepe kutoka Kalemie, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, kuhusu mahindi tuliyoyapakia Kasanga: "Déchargement terminé. RAS." Bosi wetu hajui Kifaransa, lakini RAS anamjua. Alivaa koti akauliza tumefanya kosa gani hadi magunia yetu yafike kwa katibu tawala.

Kumbe mteja alikuwa anatutuliza. RAS ni rien à signaler: mzigo umeshushwa wote, hakuna la kuripoti.

Kinachochekesha ni kwamba kwa simu hatuna shida kabisa. Watu wa Kalemie na Moba wanazungumza Kiswahili. Ukimpigia mteja atakwambia byote biko muzuri, na mtaulizana habari za watoto. Akikaa mbele ya kompyuta tu, anageuka karani wa Kifaransa mwenye haraka, na kazi ya kumfasiri inaniangukia mimi niliyesoma lugha hiyo sekondari.

PJ ilituletea msako. Barua iliandikwa "cf. PJ", yaani tazama PJ, na mtunza stoo akashikilia kwamba PJ ni dalali mmoja wa Matai. Alikwishaanza kuulizia namba yake nilipomwonyesha kuwa PJ yuko palepale chini ya barua: ni pièce jointe, kiambatisho. Mwandishi makini huongeza idadi, "PJ : 3", na tarakimu hiyo ndiyo yenye faida. Safari moja tulihesabu mafaili tukakuta mawili: oda ya mahindi na orodha ya magunia. Kibali cha kuingiza mahindi Kongo kilikuwa kimesahaulika kwenye kompyuta ya mteja. Tuliuliza lori likiwa bado mjini, hatukungoja lishuke hadi Kasanga na dereva aanze kudai posho ya kulala ziwani. Kwa hiyo PJ iachwe fupi pale chini, pamoja na idadi yake. Ndani ya barua andika en pièce jointe, tena uitaje hati yenyewe kwa jina.

Lakini kifupisho kilichotugharimu ni BL. Mteja aliandika kwamba anasubiri BL ndipo alipe ankara. Kwa wakala wetu wa forodha, BL ni hati ya shehena, ile inayotolewa na mwenye chombo cha majini. Akaituma. Mteja akajibu anasubiri BL. Wakala akaituma tena, safari hii kwa herufi kubwa na alama za mshangao. Walipelekeana hivyo mpaka bosi akaanza kusema Wakongo hawataki kulipa. Mteja alikuwa anataka bon de livraison, hati ya kukabidhi mzigo, yenye sahihi ya mpokeaji na idadi ya magunia yaliyopokelewa. Hati ya shehena Wafaransa huiita connaissement. Hati tuliyodaiwa ilikuwa mfukoni mwa kijana wetu aliyesindikiza mzigo, imekunjwa mara nne. Tangu hapo hati yoyote inayoshikilia malipo tunaiandika kwa jina zima na namba yake, hata kama barua itaonekana imeandikwa na hakimu.

Kwenye bei nako kuna HT na TTC. Mhasibu aliposikia TTC alisema ni chuo cha ualimu, na kwa hapa kwetu hakukosea. Kwa Mkongo HT ni bei kabla ya kodi, TTC ni kodi ikiwa ndani. Ghala la Kalemie likikutajia dola 500 HT, pamoja na kodi yao ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 utalipa 580. Herufi hizi hazina ubaya kwenye jedwali la ankara. Kwa mtu anayenunua kwako mara ya kwanza, ziandike kwa urefu kabla hajaja kugombana.

Bosi, baada ya hayo yote, akaona vifupisho ni usomi. Nilimshauri salamu za barua asiziguse: anayeandikiwa huitwa Monsieur le Directeur, herufi zote, na M. huwekwa tu kabla ya jina la mtu mnayemzungumzia. Hilo alilikubali. Cordialement ya mwisho ndiyo aliyoiona ndefu. Wengine huikata Cdlt, nayo tayari ni ya kivivu kwa mteja mkubwa. Yeye akaikata zaidi, ikawa Cdt, na chini yake jina lake.

Kwa Kifaransa Cdt ni kamanda. Majibu kutoka Kalemie yalikuja upesi kuliko siku zote, yenye adabu isiyo ya kawaida, yakianza na "Mon Commandant", na ankara ya zamani ilikuwa imelipwa. Bosi amekataa kata kata kubadilisha sahihi yake.