Kwa Mamlaka ya Kilimo na Chakula: Juu ya Waraka Wenu wa Mahindi

Waheshimiwa Wakuu,

Twaomba ruhusa kuurudia waraka wenu wa tarehe 5 Machi 2021, ambamo mliwaamuru watu wa forodha wayazuie mahindi ya Tanzania na Uganda kwa kuwa yamekutwa na sumukuvu iliyopita kiasi. Waraka mfupi, wenye insha safi, ambao haukututajia sampuli ngapi zilipimwa wala kipimo kilisoma nini, labda kwa kuchelea kutuchosha na hesabu.

Kilichotugusa sisi wa Kitui na Makueni ni pale mlipokumbusha kwamba sumu hii imekwisha kuua watu nchini Kenya. Ahsanteni kwa kuwakumbuka, maana wengi wa marehemu hao ni wetu. Mwaka 2004 waliandikwa wagonjwa 317, wakafariki 125, na wilaya zetu mbili ndizo zilizobeba sehemu kubwa ya msiba huo. Lakini wataalamu waliokuja kuchunguza walibaini kuwa asili kubwa ya sumu ilikuwa mahindi tuliyoyalima wenyewe, yaliyohifadhiwa yangali na unyevu, mara nyingi ndani ya nyumba badala ya ghalani, hata mengine yakakutwa na sehemu 4,400 za sumu katika kila sehemu bilioni moja, ilhali sheria ya wakati ule iliruhusu 20. Hivyo mmewaita maiti wetu kutoa ushahidi dhidi ya jirani ambaye siku ya tukio hakuwapo.

Zuio lenyewe halikutimiza juma. Tarehe 10 Machi serikali ililiondoa kwa masharti: waingizaji waandikishwe, shehena iwe na hati kwamba sumu haizidi sehemu 10, na mahali mahindi yalipolimwa patajwe. Hatukatai, hayo ni masharti ya maana, na yanaweza kukaguliwa; ila yote yamesimama mpakani, nasi tunakaa mbali na mpaka, na kuvu hii humea katika gunia lililofungwa kabla punje hazijashuka chini ya unyevu wa asilimia 13.5.

Mkulima wa Kibwezi au Mutomo, kwa kukosa mashine ya kukaushia, hutia punje na chumvi kavu katika chupa, akatikisa. Chumvi ikinata kwenye kioo, hurudisha mahindi juani. Hila njema, lakini chupa husema habari za unyevu tu. Sumu ikishaingia haionekani kwa jicho, na kupika hakuiondoi.

Basi, Waheshimiwa, mtakapoandika tena, tafadhalini mtaje hesabu za vipimo, pamoja na vya mahindi ya humu nchini. Mseme ni idara gani iliyopewa kazi ya ukaushaji huku kwetu, na mashine zitafika soko lipi, kabla ya mavuno yapi. Na mkulima akileta kibaba cha mahindi yake kipimwe, aende mlango gani, na alipe shilingi ngapi?

Wenu katika utii,
Mkulima wa Makueni