Mrumi Hatoki kwa Ctrl+Enter

Hongera, msomi wetu. Miaka 3 umechambua nadharia, leo tasnifu imerudishwa kwa sababu Sura ya Kwanza inaanzia ukurasa wa xiii. Shukrani kwa mama mzazi ziko iv, sawa kabisa, lakini Mrumi amevuka mpaka na kuingia mpaka kwenye marejeleo.

Ukabadilisha namba ziwe 1, 2, 3. Na za shukrani zikageuka! Ukamlaumu kijana wa steshenari, maskini, aliyekuwa anasubiri tu kuchapa.

Kosa ni lako. Kabla ya Sura ya Kwanza ulibonyeza Ctrl+Enter, na hiyo huhamisha maandishi tu kwenda ukurasa mpya. Kwa Word, kitabu chako bado ni nyumba ya chumba kimoja, na chumba kimoja hakipakwi rangi mbili za namba. Bofya mara mbili chini ya ukurasa: ukiona Footer tupu, bila -Section 2-, ukuta haupo.

Futa mkato huo wa Ctrl+Enter. Weka kishale mwanzoni mwa sura, nenda Layout, Breaks, kisha Next Page, ile iliyo chini ya Section Breaks. Sasa ingia Format Page Numbers ukiwa ndani ya sura, chagua 1, 2, 3, na uweke Start at: 1. Ukiacha Continue from previous section, sura itaanza na 13, kwa tarakimu nzuri za kisasa, na msimamizi atairudisha tena.

Shukrani rudi uzipe i, ii, iii. Na kijana wa steshenari umwongeze humo.