Salamu za Sikukuu kwa Waliopunguzwa Kazini: Mwongozo kwa Uliyebaki

Desemba ikifika, simu zetu hujaa mishumaa inayowaka bila kuisha, malaika wa dhahabu na maua yanayometameta kama taa za baa. Kwa shangazi aliye Mbeya na kwa jirani mliyegombana juu ya kuku, salamu hizo zinatosha. Lakini kwenye simu yako yamo pia majina ya watu mliofanya kazi pamoja hadi Septemba, wao wakapewa barua, wewe ukabaki. Unataka kuwatakia heri. Unaandika, unafuta, mwisho unawatumia mshumaa.

Mwongozo huu ni wa kukuzuia usiutume huo mshumaa. Nauandika nikiwa mmoja wa waliobaki, katika kiwanda cha uchapaji Dar es Salaam, ambako walipunguzwa mkata karatasi, dada wa kujalidi vitabu na dereva wa siku nyingi. Ni watu ninaowapenda, na naamini wanastahili salamu isiyowadanganya.

Hatua ya kwanza: Usiwakusanye

Kishawishi cha kwanza ni kufungua grupu la WhatsApp, kuliita "Familia Yetu Daima" na kuwaingiza wote. Tazama kitakachotokea. Kila mmoja ataona orodha ya wenzake walioondolewa, kana kwamba tangazo limebandikwa upya ukutani. Mmoja ataandika "Amina". Wengine watakaa kimya. Kisha mmoja atajitoa, na sasa una familia iliyoanza kuvunjika kabla hata pilau haijaiva.

Kutuma kwa mkupuo kupitia orodha ya matangazo nako hakusaidii. WhatsApp huufikisha ujumbe wa namna hiyo kwa yule tu aliyehifadhi namba yako. Aliyeumia akaifuta hataupata, na huenda yeye ndiye uliyemkusudia zaidi.

Kwa hiyo andika mmoja mmoja, na mwite kila mtu kama ulivyozoea kumwita kazini. Dereva wetu ni mtu mzima, ujumbe wake unaanza na "Shikamoo Mzee". Dada wa kujalidi ni Mwislamu. Yeye nitamwandikia heri ya mwaka mpya, na salamu kubwa nitaiweka hadi Idi. Kama watu ni wengi kiasi kwamba huwezi kumwandikia kila mmoja, waandikie wale uliofanya nao kazi bega kwa bega. Wengine wana wenzao wa karibu waliobaki, nao wana simu.

Hatua ya pili: Palilia rasimu

Hii hapa rasimu ambayo vidole huiandika vyenyewe. Nimeandaa hii kwa ajili ya mkata karatasi:

"Kaka habari za siku. Tunakutakia Krismasi njema. Usikate tamaa, kila jambo hutokea kwa sababu. Hali ikitengemaa tutakuita, wewe ni wa kwanza kwenye orodha. Nitumie CV nikuangalizie mahali. Tuko pamoja."

Tuipitie taratibu. "Tunakutakia" ni akina nani? Kampuni haijakutuma, na kama ingekutuma, asingependa kuisikia kupitia kwako. Andika "nakutakia", uwajibike mwenyewe.

"Kila jambo hutokea kwa sababu." Sababu anaijua, iliandikwa kwenye barua: oda zimepungua. Hahitaji kufumbiwa. Mahubiri mengine ya aina hii, ya mlango kufungwa na dirisha kufunguliwa, mwachie mchungaji wake, anayemtembelea nyumbani na kumsikiliza kabla ya kumwambia.

"Wewe ni wa kwanza kwenye orodha." Orodha hiyo haipo. Ujumbe wa simu hupigwa picha, huonyeshwa mke, huonyeshwa mwenye nyumba anayedai kodi. Kama una cheo, utasomwa kama ahadi ya kampuni. Kama mtu ana shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, maneno yako yanaweza kuishia mezani pale. Kwa hiyo usigusie kabisa kwa nini aliondolewa yeye na si mwingine.

"Nitumie CV" ndiyo sentensi hatari kuliko zote, kwa sababu hainuki uongo. Ukiiandika unajisikia umetenda wema. Yeye ataenda steshenari, atalipia kuchapiwa, ataskani, atatuma. Kuanzia hapo, kila jina lako likitokea kwenye kioo cha simu moyo wake utaruka. Wewe utakuwa umemtumia mshumaa.

"Tuko pamoja." Mmoja ana mshahara wa Desemba, mwingine hana. Acha hiyo.

Kipimo changu ni hiki: kila sentensi inayozungumzia kesho, iulize nani atatenda na lini. Ikishindwa kujibu, ifute. Rasimu ile ikipimwa hivyo hubaki "Kaka habari za siku" na "Krismasi njema". Huo ni mwanzo safi.

Hatua ya tatu: Weka ulicho nacho

Una vitu viwili ambavyo hakuna mwingine awezaye kumpa. Cha kwanza ni kumbukumbu ya kazi yake. Msimu huu ni wa kalenda, na mkata karatasi wetu alikuwa na tabia moja. Rundo likiwa limeshabanwa, kisu kikishuka, alikuwa akigeuza sikio upande wa mashine. Kisu kikali hukata kwa mlio mmoja mfupi. Kikianza kuwa butu mlio huwa mzito, wenye kukwaruza, na karatasi za juu huvutwa zaidi kuliko za chini. Sisi tuligundua tulipoona kingo zimechakaa. Yeye alisimamisha mashine kabla. Hilo ndilo la kuandika, kwa sababu halingeweza kuandikwa kwa mtu mwingine. "Ulikuwa mchapakazi" huandikiwa kila mtu, hata aliyekuwa akilala stoo.

Cha pili ni jambo ambalo umeshalitenda. Kama ulikuwa msimamizi wake, andika barua yako binafsi ya kueleza kazi aliyoifanya, isaini, kisha ndipo umwambie kwamba ipo. Pia uliza kwa upole ofisini kama amepewa cheti chake cha utumishi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi cheti hicho ajira inapokoma, lakini mara nyingi hubaki kwenye droo kikisubiri mtu wa kukidai. Wewe uko jengo moja na droo hiyo.

Sasa usome ujumbe wake tena, umeandikwa upya:

"Kaka, habari za nyumbani? Kalenda zimeanza kutoka, nikakukumbuka ulivyokuwa ukiusikiliza mlio wa kisu na kusimamisha mashine kabla kingo hazijachakaa. Nilijifunza hayo kwako. Kazini hakuna nafasi na sijasikia mpango wa kuajiri, kwa hiyo siandiki kwa ajili hiyo. Nimekuandikia barua inayoeleza kazi yako, ni yangu binafsi, ukiihitaji nitakuletea. Ukiomba kazi mahali, niweke kati ya wadhamini wako. Nakutakia wewe, shemeji na watoto Krismasi njema. Si lazima unijibu."

Angalia sentensi ya "hakuna nafasi". Wengi wataona ni ukatili kuiweka kwenye salamu za sikukuu. Mimi naona ndiyo iliyobeba upendo wote wa ujumbe huu. Bila hiyo, msomaji hupekua mistari yote akiwinda dokezo: kwa nini ananiandikia leo, kuna kitu amesikia? Ukimwondolea kazi hiyo ya kuwinda, anaweza kuusoma ujumbe kama salamu. Iweke katikati, ikizungukwa na mambo mema. Usianze nayo wala usimalize nayo.

"Si lazima unijibu" nayo ina kazi. Mtu aliyepoteza kazi hujibu maswali ya "unafanya nini siku hizi?" hadi anachoka. Kwa hiyo usiulize umepata kitu, wala umeshalipwa. Kiinua mgongo kwa sheria hiyohiyo ni angalau mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, kisizidi miaka 10. Hesabu hiyo unaweza kuifanya kimya kimya kichwani, ukaelewa kwamba hata aliyekaa miaka 9 hakuondoka na utajiri.

Hatua ya nne: Chagua siku

Asubuhi ya tarehe 25 usitume. Ujumbe wako utazama katikati ya malaika wa dhahabu. Usitume pia siku ya sherehe ya kufunga mwaka ya kampuni, wenzako wanapopachika picha za keki na fulana mpya. Na kalenda ya kampuni yenye nembo usimpelekee kama zawadi, hata kama ni nzuri. Hakuna anayehitaji kutundika sebuleni kwa miezi 12 jina la mahali palipompunguza.

Tarehe 20 hadi 23, jioni, ni wakati mzuri. Ukitaka kutuma na hela kidogo ya sikukuu, itume peke yake, siku nyingine, bila hotuba. Pesa na salamu vikifika pamoja, salamu hugeuka risiti.

Kumbuka pia hali yake wakati huo. Mwanachama wa NSSF aliyechangia miezi isiyopungua 18 anaweza kulipwa fao la kukosa ajira, asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi 6. Aliyeondoka mwisho wa Septemba, kama malipo yalianza mapema, Krismasi inamkuta katikati. Mwezi mgumu zaidi kwake huenda ukawa Aprili, simu za pole zikiwa zimeshanyamaza. Weka alama kwenye kalenda yako mwenyewe, umpigie wakati huo.

Hatua ya tano: Majibu

Akijibu "Asante kaka, Mungu akubariki", jibu kwa neno moja au mawili, umwache. Asipojibu, usimtumie alama ya kuuliza. Akijibu kwa hasira, usiitetee kampuni wala usiitukane. Mwambie umemsikia na kwamba ana haki ya kukasirika.

Akiuliza, "Kweli hakuna hata kibarua?", mjibu vilevile ulivyoandika: "Hapana, hakuna." Hapo ndipo wengi huteleza na kusema "ngoja nione". Kama kweli utaona, sema utamuuliza nani, na kwamba Ijumaa utampa jibu hata likiwa hapana. Kisha Ijumaa mpe.

Na kwa kuwa umejitolea kuwa mdhamini, Januari pokea namba usizozijua. Huenda ni mwajiri anayeuliza habari zake. Uwe na mambo matatu tayari: kazi aliyoifanya, miaka aliyoifanya, na kwamba aliondoka kwa sababu nafasi yake ilipunguzwa, si kwa kosa lake. Hilo la tatu liseme hata usipoulizwa.