Mara Amsterdam, Mara Singapuri

Saa tatu usiku Wuhan ni saa kumi jioni Tanga. Ndipo ujumbe wa mama ulipoingia WhatsApp: "Mwanangu, LUKU imekata." Kijana wake, mwanafunzi wa uhandisi mwaka wa pili, akamjibu asiwe na wasiwasi. Alikuwa na shilingi laki tatu kwenye akaunti yake ya pesa ya laini ya nyumbani, na kununua umeme wa elfu kumi ni kubonyeza mara chache tu.

Balaa lilikuwa limeshaingia pamoja na ujumbe huo. China iliizuia WhatsApp mwaka 2017, kwa hiyo kijana akitaka kuongea na mama huwasha VPN. VPN huyapitisha mawasiliano ya simu kwenye seva ya mbali, na kila anakobisha hodi huonekana anwani ya seva hiyo, si yake. Usiku ule seva ilikuwa Amsterdam. Akafungua programu ya pesa bila kuizima VPN.

Akaingiza namba ya siri. VPN ikakatika, ikajiunga upya yenyewe, safari hii kupitia Singapuri. Akaingiza tena. Kwenye mitambo ya kampuni, mteja aliyeonekana Wuhan asubuhi sasa yuko Uholanzi, na dakika mbili baadaye ametua Singapuri akidai umeme wa Tanga. Hata majini wa Tanga, pamoja na sifa zao zote, wangeomba kupumzika njiani. Tena anwani moja ya VPN hutumiwa na watu wengi, matapeli wakiwamo, kwa hiyo mfumo hauhitaji kushawishiwa sana.

Akaunti ikafungwa.

Namba fupi ya huduma kwa wateja haikupatikana akiwa nje, ikabidi atafute ile ndefu. Muziki ulipokwisha, akapokelewa.

"Uko wapi, kaka?"

"Niko China, dada."

"Mbona hapa naona Singapuri?"

"Ni VPN, dada."

"Kwa hiyo ulikuwa unajificha?"

Swali la haki, lakini jibu lake halimfurahishi mtu yeyote aliyefungiwa pesa. Akatajishwa namba ya NIDA, miamala mitatu ya mwisho na salio. Salio alilijua, muamala mmoja akaukosea. Basi afike dukani kwa alama za vidole.

"Mama yangu anaweza kuja badala yangu?"

"Anaweza, ila aje na kidole chako."

Akaunti ilifunguliwa siku ya tatu, baada ya kutuma picha ya pasipoti na kujibu maswali upya. Sasa VPN yake ameipanga isiiguse programu ya pesa. Mpangilio huo ulikuwamo siku zote, na ni wa kubonyeza mara mbili.

Mama hakukaa gizani. Jioni ile ile alivuka barabara, akanunua umeme kwa mangi, kwa mkopo.