Geti Lililoungama

Chanzo cha yote ni ukuta wa shule ya msingi. Wengi tuliosoma huku kwetu tunaukumbuka: nusu ya chini, hadi usawa wa kifua cha mwalimu, imepigwa rangi ya mafuta inayong'aa, na nusu ya juu ni rangi ya maji. Ile ya chini ilistahimili viatu, wino na vidole vya darasa zima, kisha Ijumaa tukaifuta kwa kitambaa na sabuni ikarudi mpya. Miaka thelathini baadaye, nikiwa na nyumba yangu Kigamboni na mtoto wa miaka miwili mwenye kipaji cha kuchora kwa mkaa, nikaukumbuka ukuta ule. Nikajiambia kwamba kama kizuri ni nusu ukuta, basi ukuta mzima ni kizuri mara mbili. Chumba cha kulala kingepigwa mafuta kutoka sakafuni hadi darini.

Duka la vifaa vya ujenzi lilijaribu kuniokoa kwa bei. Galoni ya lita nne ya mafuta ilikaribia bei ya ndoo ya lita ishirini ya rangi ya maji ya kawaida. Chumba changu kina kuta zenye mita za mraba kama 33 ukitoa mlango na dirisha, na lita moja hupaka mita kumi hivi kwa mkono mmoja. Mikono miwili ni lita sita na nusu, yaani galoni mbili, na juu yake tapentaini ya kulainishia rangi na kuoshea brashi. Brashi ya rangi ya maji unaiosha bombani. Nililipa bila kunung'unika, kisha nikanunua ndoo moja ya rangi nyeupe ya maji kwa ajili ya sebule, nikaenda zangu.

Usiku wa kwanza mke wangu aliingia chumbani, akavuta pumzi moja, akatoka na mto.

"Baba Watoto, humu tunalala au tunakaushwa?"

Harufu ya rangi ya maji ni ya jioni moja; maji yanaondoka, madirisha yako wazi, kesho unasahau. Ya mafuta inakuja kwa zamu mbili. Kwanza inaondoka tapentaini, na hiyo ndiyo inayochoma macho na kuleta kichwa kuuma. Halafu mafuta yenyewe yanaanza kuvuta oksijeni na kugeuka ngozi ngumu, kazi inayoendelea siku nyingi huku yakitoa harufu ya mafuta ya kukaangia yaliyolala. Tulilala sebuleni siku tisa. Mtoto alifurahi sana, akachora kuta za sebule.

Tuliporudi chumbani, ukuta unaopakana na bafu ulikuwa na malengelenge. Mengine yalitosha kiganja. Nililitoboa moja kwa kucha na maji yakanitiririkia mkononi. Pembeni yake rangi ilikuwa bado inanata, tena ikiteleza kama kambare. Ukuta ule ulikuwa umepigwa plasta mpya wiki mbili tu kabla, na mimi, kwa haraka zangu, sikusubiri. Plasta ya saruji inataka kama siku 28 hivi, na msimu wa mvua hata zaidi. Ikiwa mbichi ina maji ndani yanayotafuta pa kutokea, na rangi ya mafuta haipitishi mvuke, kwa hiyo inainuliwa. Plasta hiyo ina pia ukali wa chokaa, na ukali huo ukikutana na mafuta, vinafanya kilekile vinachofanya kiwandani: sabuni. Chumbani kwangu kulikuwa na mche mmoja wa sabuni wenye urefu wa mita tatu.

Mtu mwenye akili angekwangua, akaacha ukuta ukauke. Mimi nilikwangua malengelenge tu, kisha nikachota ile rangi ya maji ya sebule nikapaka juu ya yote, ili mama mkwe asione. Alikuwa anatarajiwa kutoka Tanga mwisho wa mwezi. Na kwa kuwa ndoo ilikuwa bado nzito, nikatoka nje nikalipaka na geti. Likawa jeupe kama kanzu ya Idi.

Geti lilivaa kanzu yake kwa siku mbili. Siku ya tatu madoa ya kahawia yalichungulia kwenye viungo vya kuchomelea, kwa sababu maji ya rangi yenyewe yalikuwa yameshaamsha kutu kwenye chuma kitupu kabla hata hayajakauka. Halafu masika yakafika, pamoja na upepo wa chumvi wa Kigamboni. Michirizi ikashuka kutoka kila pini na kila bawaba. Jirani alinipa pole kwa msiba, akidhani geti linalia kwa niaba yangu.

Chumbani nako, mke wangu alibandua kalenda iliyoshikwa na selotepu. Rangi ya maji ilitoka nayo vipande kama ganda la chungwa, na chini yake mafuta yakang'aa bila jeraha. Mafuta ni kioo. Bila kuyakwaruza kwa msasa kwanza yakapoteza mng'aro, rangi ya maji haina pa kushikia.

Nikamwita fundi. Alizunguka geti mara moja.

"Bosi, hapa ulipiga rangi gani?"

"Ya mafuta," nilisema. Mke wangu alikuwa karibu.

Fundi aliomba pamba na spiriti ya vidonda. Akasugua geti taratibu, kama anayesafisha mtoto aliyeanguka. Pamba ikatoka nyeupe pepepe.

"Ya mafuta haiungami kwa spiriti, bosi. Ya maji ndiyo inaungama."

Mke wangu aliitazama pamba, akanitazama mimi, akaingia ndani.

Geti lilikwanguliwa kwa brashi ya waya hadi chuma kikaonekana, likafutwa tapentaini, likapakwa redi oksaidi mkono mmoja, kisha mafuta meusi mikono miwili, mmoja leo na mwingine kesho. Na hapo ndipo iliponiuma: geti la mita tatu kwa mbili, pande zote mbili, ni mita 12 tu. Mikono yote miwili ya mafuta ilikula lita mbili na nusu. Galoni moja ilitosha na kubaki. Mahali palipohitaji rangi ya bei kubwa palikuwa padogo, nami nilikuwa nimeimwaga kwenye mita 33 za kuta ambazo hazikuiomba. Chumbani tulikwangua ule ukuta wa bafu hadi kwenye plasta, tukauacha wiki sita, na kuta nyingine tukazipiga msasa, halafu zote zikapata rangi ya maji ya aina ya silki, ambayo mkaa unafutika kwa kitambaa kibichi.

Mama mkwe alikuja siku mbili kabla ya ahadi, jioni, mkono wa mwisho wa geti ukiwa na saa tatu tangu upakwe. Mafuta ukiyagusa kijuujuu baada ya saa tano au sita yameshashika. Kwa saa tatu, tena jioni yenye unyevu wa bahari, bado ni uji. Alishusha mizigo, akaegemea geti kupumzika, akapiga hodi.

Kanga ile bado anayo, ina mistari minne myeusi mgongoni, imenyooka kama imepigwa rula. Anaivaa kila akija kwetu, na hapiti getini mpaka mtu ataje, kwa sauti, siku na saa lilipopakwa.