Jumanne Ni Siku ya Kudai

Jirani, usinione nimekaa hapa kwa Mama Mandazi na simu mkononi ukadhani sina kazi. Kazi ndiyo hii. Nangoja saa nne. Leo Jumanne, na saa nne kamili simu italia, halafu nitaanza kuwabembeleza watu wazima wanilipe pesa yangu mwenyewe. Nisipopiga, mama watoto atajua. Sijui anajuaje. Anajua tu, na siku hiyo samaki wangu anakuwa mkia.

Mimi ni frilansa. Natafsiri mabango ya malaria na barua za mikutano kwa Dholuo na Kiswahili, natengeneza vile vijitabu vya mazishi vyenye picha ya marehemu akiwa kijana na suti ya mkopo. Mama mkwe akiulizwa mkwe wake hufanya nini, husema, "Anakaa na kompyuta." Anasema polepole, kwa huruma, watu wanaitikia pole.

Kufanya kazi naweza. Shida ni kulipwa. Kwanza ankara yenyewe nilikuwa naituma nikikumbuka, na nilikuwa nakumbuka unga ukiisha. Kisha nadai siku ya njaa. Na njaa ya hapa Migori, sijui ya kwako, hupenda kunishika Ijumaa alasiri, wikendi ikinikodolea macho. Napiga simu Homa Bay. Mhasibu anashika. Nyuma yake nasikia ngoma, vilio, na mtu wa maikrofoni akiwaomba wenye magari wasogee. "Ndugu, niko matangani." Natoa pole. Nakata. Ijumaa nyingine, tena matangani. Nikaanza kumsikitikia kwa dhati, nikajiuliza ni ukoo gani huu unaokwisha hivi. Kumbe wewe unajua, kila mtu anajua, isipokuwa mimi: kwetu huku maiti hutoka mochari Ijumaa, hulala nyumbani, Jumamosi huzikwa. Ijumaa baada ya chakula cha mchana nusu ya ofisi iko njiani kwenda Ndhiwa, Mbita au Oyugis. Hata mhasibu mwenyewe akiwa na pesa yako kwenye kidole, hicho kidole kimeshika jeneza.

Aliyenitoa ujinga ni mama watoto. Yeye huuza omena. Omena huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwaka samaki hawafuati taa, kwa hiyo wavuvi wanapumzika na mfuko unapumzika nao. Basi mtu wa ziwani hamgusi mdeni wake wakati wa mbalamwezi. Anasubiri giza lirudi, mashua zitoke, watu washike pesa, ndipo anatokea na daftari, mapema, kabla ya wauza bia. Akaniangalia nikidai Ijumaa, akasema, "Baba Akinyi, wewe unadai mbalamwezi." Ameacha shule darasa la saba, jirani. Mimi nina diploma. Imening'inia ukutani pale, inaniangalia nikiaibishwa.

Akanyakua simu yangu, akampa Akinyi, Akinyi akaniwekea vikumbusho kwenye kalenda. Nikasema ngoja, hata mimi ni mtu, hiki cha kutuma ankara nitajiwekea. Nikachagua tarehe 31 ya kila mwezi. Mwisho wa mwezi, si ndiyo? Nikabonyeza, nikajisifu, nikanunua soda. Mwezi wa Machi ikalia. Aprili kimya. Mei ikalia. Juni kimya. Nikadhani simu imeharibika, nikaipeleka kwa fundi pale stendi, akanitoza mia tatu na kunirudishia ikiwa safi zaidi. Ni Akinyi aliyeniuliza, "Baba, Aprili ina siku ngapi?" Kalenda haina huruma. Ukiiambia tarehe 31, mwezi usio na 31 inauruka, haikusogezei hadi 30. Februari ndiyo usahau kabisa. Akafuta, akaweka Ijumaa ya mwisho ya mwezi, akachagua pale palipoandikwa `Monthly on the last Friday`. Hiyo kila mwezi inayo. Ijumaa asubuhi naandika ankara, simpigii mtu simu ya kudai. Kuandika hakuhitaji mhasibu awe ofisini.

Na kikumbusho chenyewe nilikuwa nimekiandika "PESA!!!" Simu inalia, nasoma PESA, nasema ni kweli, narudi kulala. Mama watoto akasema kikumbusho kisichokuambia umpigie nani ni kelele tu. Sasa Akinyi huandika jina la mtu, namba ya ankara, kiasi, siku ilipopokelewa na siku inapoiva. Nikibonyeza tu najua nimsemeshe nani na nini. Zamani nilikuwa napiga, nikiulizwa "Ankara namba ngapi?" nasema, "Ile ya mabango." Wana mabango ya watu wengi, jirani. Nyumba nzima ya mabango.

Sasa nikueleze ile ya 48,000 ya shirika moja la Homa Bay, ndiyo iliyonifunza kuheshimu Jumanne. Kazi niliimaliza mwishoni mwa Januari. Ankara niliituma kwa barua pepe nikaanza kuhesabu siku thelathini siku hiyohiyo, na thelathini zilipoisha nikapiga kwa sauti ya mwenye haki. Dada wa mapokezi akaniuliza, kwa upole ule wa kuua, "Imepigwa muhuri lini?" Muhuri gani? Kumbe mkataba wao unasema siku thelathini tangu ankara ipokelewe, na kwao kupokelewa ni karatasi yenye muhuri. Ya kwangu ilikuwa imelala kwenye barua pepe ya kijana wa mradi aliyekwenda likizo. Nikapanda matatu, nikapitia Rongo, nikatoa nakala mbili. Moja wakabaki nayo, moja wakanigongea muhuri: 3 Machi. Wewe ukienda usitoke bila hiyo nakala. Mimi nilitoka bila, nikafika stendi, nikarudi kuiomba, wakaniambia ningoje wamalize chai.

Toka 3 Machi, siku thelathini zinaangukia 2 Aprili. Alhamisi. Kesho yake Ijumaa Kuu. Unaona bahati yangu? Pesa yangu imepangiwa kuiva siku ambayo hata mlinzi amebeba mfuko wa kwenda nyumbani. Kikumbusho cha kwanza Akinyi alikiweka Jumanne ya 24 Machi, kabla deni halijaiva. Nikabisha. Utadai vipi kitu ambacho hakijafika? Akasema si kudai, unauliza tu kama karatasi zote ziko sawa. Nikauliza. Hazikuwa sawa.

Ankara yangu nzuri, yenye maua pembeni, haikuwa ya eTIMS. Tangu Januari 2024, mwenye biashara asiyekuwa na ankara ya eTIMS hawezi kuiweka hiyo gharama kwenye hesabu zake za kodi, kwa hiyo wahasibu wengi hawataki hata kuigusa. Na hawakupigii kukuambia. Wanaiweka pembeni, wanaendelea na chai. Ningengoja hadi iive ndipo nipige, ningeanza upya kuzunguka wakati wenzangu wanalipwa. Ukiwa mdogo kama mimi, usiye na VAT, unaweza kutoa ya eTIMS kwa kubonyeza `*222#` hata kwa simu ya tochi. Nilikuwa na PIN ya KRA, namshukuru Mungu, ingawa neno la siri lilikuwa jina la mbuzi wetu wa zamani na ilituchukua jioni nzima kukumbuka ni mbuzi yupi.

Jumanne ya 7 Aprili, baada ya Pasaka, saa nne, nikapiga. Kwa nini saa nne? Saa mbili ndiyo wanafika, saa tatu wana mkutano, saa saba wanakula, na baada ya hapo Homa Bay kuna joto. Jumatatu usijaribu, wote wanasimulia mazishi. Nikasema namba ya ankara, nikataja muhuri wa 3 Machi, nikataja 2 Aprili. Sikulia. Sikutaja unga. Mhasibu akanyamaza kidogo, akasema iko kwa meneja inasubiri sahihi. Nikauliza kama alivyonifunza Akinyi, "Nipige Jumanne ijayo au itakuwa imeshaingia?" Akasema itakuwa imeingia.

Ikaingia. 45,600.

Jirani, niliruka. Nikapiga simu siku hiyohiyo, tena si Jumanne, nikapayuka kwamba nimeibiwa 2,400. Mhasibu akanisikiliza hadi nikaishiwa pumzi, akaniambia hiyo ni kodi ya zuio, asilimia tano, wanaikata kwa kazi ya kitaalamu ya kuanzia 24,000 kwa mwezi na kuipeleka KRA kwa jina langu. Cheti chake kiko iTax. Nikijaza ritani kabla ya 30 Juni inahesabiwa kama kodi niliyokwisha lipa. Akaongeza, "Jaduong', mbona hukusema namba ya ankara?" Nilikuwa nimeshazoea kuitaja, hasira ikanisahaulisha. Sasa kila mwezi Jumanne ya mwisho kuna kikumbusho kingine, cha kutazama kama cheti kimetokea, kwa sababu mtu anaweza kukukata na asipeleke, na ukigundua mwezi wa sita utagombana na nani?

Ila hii Jumanne ina mahali haifanyi kazi, nikuambie ukweli. Vijitabu vya mazishi. Kamati ya mazishi ina pesa kuanzia Jumatatu hadi Alhamisi, harambee inaendelea, kila mtu anataka kuonekana. Ijumaa pesa inageuka petroli, ng'ombe, hema na jenereta. Jumapili kamati haipo tena. Mwenyekiti amerudi Nairobi, mweka hazina amezima simu, na ukimfuata mjane wewe si mtu. Kwa hiyo kikumbusho cha mazishi ni Jumatano: nusu kabla sijafungua kompyuta. Kingine ni Alhamisi saa kumi: iliyobaki, ndipo vijitabu vitoke kwenye sanduku. Mara ya kwanza kusema hivyo nilitetemeka. Mzee mmoja aliniuliza kama nilizaliwa na mama au nilinunuliwa sokoni. Lakini alilipa, na akataka picha ya marehemu iongezwe ukubwa.

Hivyo tu. Sasa imelia, nishikie hii chai. Na kama wewe ndiye ulikuwa mweka hazina wa yale matanga ya Awendo ya kabla ya vikumbusho, vijitabu mia mbili vya rangi, ujue bado uko kwenye kalenda, kila Jumanne, `Repeat: Weekly`. Shika simu, mzee wangu. Nitakuwa mpole.