Tangazo kwa Wenye Vitambi na Wanaovificha kwa Koti

Ndugu wafanyakazi, shindano la kupunguza mafuta, wiki 8, linaanza Jumatatu. Tunapima asilimia, si kilo: bosi wa kilo 110 akipunguza 5.5, na karani wa kilo 60 akipunguza 3, wametoka sare. Cheo hakipandi mizani. Mizani ni ile ile, asubuhi kabla ya chai, viatu kando. Kinachozidi asilimia 1 kwa wiki hakihesabiwi, maana aliyejifungia sauna kutwa amepoteza maji, na yatarudi na jagi la kwanza. Wajawazito wasishiriki. Mwenye dawa za kisukari amwone daktari kwanza, sukari isije ikashuka akaanguka. Ukishikwa na kizunguzungu, kula. Vitumbua vya mhasibu vitaendelea kuuzwa; hoja ya kuvizuia ilikosa kura.